Damu Nyingi, Mabonge na Rangi: Hesabu Vitambaa Vyako

(Muziki wa kipindi unaingia, unashuka taratibu. Mtangazaji anaanza.)

Hamjambo, wasikilizaji wetu wa hapa Nyarugusu. Hamjambo akina mama mlioko bombani mkisubiri zamu ya maji, na akina dada mlioko jikoni mkichambua maharage. Na wewe uliyeipata karatasi hii mkononi baada ya kipindi, karibu, soma pole pole. Akina baba, msizime redio. Leo tunazungumza juu ya damu ya mwezi, hedhi, na nyinyi ndio waume na baba za hao wanaotokwa na damu hiyo. Baiskeli au pikipiki ya kumpeleka mgonjwa zahanati usiku, mara nyingi ni nyinyi mnaoitafuta.

Nitaanza na mama yangu mdogo. Ameniruhusu nisimulie habari zake, ila jina lake nilihifadhi. Ana miaka 38 na watoto 5. Mwaka jana alikuwa kwenye foleni ya posho, jua limeshapanda, akaketi chini. Alipojaribu kuinuka, macho yakaingia giza akaanguka. Watu wakasema ni njaa, wengine wakasema kuna mtu amemfanyia kitu. Nyumbani mwenyewe alisema, "Ni uchovu tu." Lakini nilipokaa naye jioni, akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha zaidi ya mwaka mzima. Kila mwezi damu yake ilitoka siku 9, na kwa siku mbili tatu za katikati hakuweza kwenda popote, kwa sababu kitambaa kilijaa kabla hajafika chooni na kurudi. Mabonge yalitoka makubwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Nilijua ndivyo wanawake wa kwetu tulivyo."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandae kipindi hiki. Mwanamke hana hedhi ya mwingine ya kulinganisha na yake. Anaona ya kwake tu, tena kwa siri, gizani, chooni. Akizoea damu nyingi, anaona hiyo ndiyo ya kawaida. Kwa hiyo leo nataka ujue kipimo. Utajuaje kwamba damu yako ni ya kawaida, na utajuaje kwamba imezidi na inakula mwili wako?

(Muziki mfupi.)

Tuanze na ya kawaida. Hedhi ya mwanamke mtu mzima huja kila baada ya siku 24 hadi 38, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Hutoka siku 2 hadi 8. Siku ya kwanza na ya pili ndizo nzito, kisha inapungua. Damu yote ya mwezi mzima, kwa wanawake wengi, ni kama vijiko viwili au vitatu vya chakula. Ikivuka vijiko 5 na kidogo, yaani mililita 80, tunasema ni nyingi kupita kiasi.

Najua unashangaa. Vijiko viwili tu? Mbona mimi naona kama nimechinja mbuzi? Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kijiko kimoja cha maji, mwaga juu ya kitambaa cha hedhi kilicho kikavu. Utaona doa linavyotambaa, kubwa kuliko ulivyotegemea. Na ukimwaga kijiko kimoja cha damu kwenye beseni la maji, beseni zima linakuwa jekundu. Jicho linadanganya. Tena hakuna mwanamke anayeweza kukaa anapima damu yake kwa kijiko. Ndiyo sababu wauguzi hawatuulizi, "Ilikuwa vijiko vingapi?" Wanauliza, "Ulibadilisha vitambaa vingapi? Uliamka usiku? Mabonge yalikuwa makubwa kiasi gani?"

Basi hivi ndivyo vipimo unavyoweza kutumia mwenyewe, ukiwa na kitambaa cha kufua au pedi ya dukani.

Damu yako ni nyingi kupita kiasi ikiwa kitambaa au pedi inajaa kabisa ndani ya saa 2 au chini ya hapo, na si mara moja tu, bali mara kadhaa. Ni nyingi ikiwa unalazimika kuvaa vitambaa viwili kwa pamoja ili usichafuke. Ni nyingi ikiwa unaamka usiku kubadilisha, au unaamka asubuhi mkeka una damu. Ni nyingi ikiwa inaendelea zaidi ya siku 8. Na ni nyingi ikiwa inakuzuia maisha: huendi kwenye mgawo, huendi shuleni, huendi kanisani wala msikitini, kwa sababu ya kuogopa kuvuja. Hilo la mwisho watu hulidharau, lakini mhudumu mzuri wa afya atalichukua kama dalili kamili.

Sasa mabonge. Watu wengi hapa kambini wakiona bonge la damu wanaogopa kwamba ni mimba iliyotoka, au kwamba kizazi kinaoza. Ngoja nikueleze linavyotokea. Damu ya kidonda huganda ili kidonda kizibe. Damu ya hedhi inapokusanyika ndani ya kizazi, mwili huitengenezea kitu cha kuiyeyusha, ili itoke kama maji. Lakini ikitoka kwa kasi, kile kiyeyushi hakipati muda wa kufanya kazi yake, na damu inatoka ikiwa imeshika. Vilevile ukilala usiku kucha, damu hukaa imetulia. Ukisimama asubuhi, bonge linashuka. Kwa hiyo bonge lenyewe si ugonjwa. Linakuambia tu kwamba damu ilikuwa na kasi au ilikaa.

Ukubwa ndio wa kuangalia. Mabonge madogo kama punje ya mahindi au harage, siku zile mbili nzito, ni ya kawaida. Sasa angalia kidole gumba chako. Kuanzia ncha mpaka kiungo cha kwanza ni kama sentimita 2 na nusu au zaidi kidogo. Bonge la ukubwa huo au kubwa zaidi, tena yakitoka mara kwa mara, maana yake ni kwamba damu ni nyingi na unahitaji kuonwa. Na ikiwa hedhi ilichelewa, au unajua unaweza kuwa na mimba, halafu ikaja damu yenye mabonge na maumivu, usiite hiyo hedhi. Nenda ukapimwe mimba siku hiyo hiyo.

(Muziki mfupi.)

Upande wa rangi, naona maneno mengi sana mtaani. Dada mmoja aliniandikia kikaratasi akisema damu yake ni nyeusi, na jirani kamwambia ana uchafu tumboni, anywe dawa ya kusafisha kizazi. Dada yangu, usinywe. Kizazi hakihitaji kusafishwa kwa dawa za kunywa wala kwa vitu vya kuingiza ukeni, na vitu hivyo vinaweza kukuunguza.

Kata ndizi uiache mezani. Baada ya muda inageuka rangi kwa sababu ya hewa. Damu nayo hivyo hivyo. Ikitoka haraka, ni nyekundu yenye kung'aa. Ikikawia ndani, inakuwa nyekundu iliyoiva, kisha rangi ya kahawa, na hata karibu nyeusi. Ndiyo maana siku ya kwanza na siku za mwisho wengi wetu tunaona rangi ya kahawa au nyeusi. Ni damu ya zamani tu. Rangi ya waridi iliyopauka ni damu kidogo iliyochanganyika na ute. Wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, au vijiti vya mkononi, wanaweza kuona matone ya rangi ya kahawa siku yoyote, hasa miezi ya mwanzo. Mwingine anakaa miezi bila damu kabisa. Hiyo ni kazi ya dawa. Damu haijarundikana mahali.

Rangi zinazotakiwa kukupeleka zahanati ni nyingine. Ukiona uchafu wa kijivu, wa kijani au wa njano wenye harufu mbaya, hasa ukiwa na homa au maumivu ya chini ya tumbo, huo unaweza kuwa uambukizi. Uambukizi una dawa, na mwenzio naye huenda akahitaji kutibiwa, la sivyo unarudi. Wakati mwingine harufu inaletwa na kipande cha pamba au kitambaa kilichoingizwa ndani kikasahaulika. Hapo pia nenda, usione haya, wauguzi wamekwisha kuyaona hayo.

Na kuna damu ambayo rangi yake ni ya kawaida kabisa lakini wakati wake si wa kawaida. Damu baada ya tendo la ndoa. Damu kati ya hedhi moja na nyingine kwa mtu asiyetumia sindano wala vijiti. Damu kwa mama ambaye hedhi ilikuwa imekwisha mwaka mzima. Hata ikiwa tone moja, hata ikiwa haiumi, hiyo ni ya kuangaliwa, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi na ya kizazi huanza kwa ishara ndogo kama hizo. Bibi zetu huficha damu ya namna hii wakiona aibu kwamba wamerudi usichanani. Bibi, tafadhali, mwambie mjukuu wako.

(Muziki mfupi.)

Nirudi kwa mama mdogo. Siku iliyofuata tulikwenda pamoja zahanati. Mhudumu akamuuliza maswali, naye akawa anajibu, "Kidogo," "Si sana," "Kawaida." Aibu ilimfunga. Yule mhudumu hakukasirika. Akasema, "Hedhi ijayo, andika." Akampa karatasi yenye siku, akamwambia kila akibadilisha kitambaa kilichojaa apige mstari mmoja, na kila bonge lililozidi kidole gumba aweke duara. Mama mdogo hajui kusoma sana, lakini mistari kila mtu anaweza kupiga. Unaweza kutumia mkaa ukutani.

Karatasi yake ilikuwa hivi. Siku ya kwanza, mistari 4. Siku ya pili, mistari 13, na katika hiyo, miwili aliamka usiku. Maduara 3. Siku ya tatu, mistari 12, maduara 2. Siku ya nne, 8. Halafu 5, 4, 3, 2, na siku ya tisa, 1. Ukijumlisha, ni mara 52. Siku ya pili peke yake, kitambaa kilijaa kila baada ya muda usiofika saa 2, mchana na usiku. Alipoiona karatasi hiyo mwenyewe alinyamaza. Akasema, "Kumbe." Mbele ya mhudumu hakuhitaji tena kutafuta maneno. Karatasi ilisema.

Mhudumu alifanya mambo matatu, na hayo unaweza kuyategemea ukienda. Kwanza alipima mimba, hata kama mama mdogo alisema haiwezekani. Wanafanya hivyo kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, usichukie. Pili alimchoma kidole na kupima wingi wa damu, wanaita himoglobini. Kwa mwanamke asiye na mimba, kipimo kinatakiwa kuwa 12 au zaidi. Chini ya 8 ni upungufu mkubwa. Mama mdogo alikuwa na 7.6. Hiyo ndiyo iliyomwangusha kwenye foleni. Haikuwa uchawi. Tatu alimuuliza kama ana kitanzi, kwa sababu kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu, kama anatumia dawa yoyote, na kama ana tabia ya kutokwa na damu puani au kwenye fizi, maana wapo watu ambao damu yao haigandi vizuri tangu kuzaliwa. Msichana ambaye amevuja sana tangu hedhi yake ya kwanza kabisa, ni lazima aulizwe hilo.

Sasa sikiliza kwa nini damu ya mwezi inaweza kumwangusha mtu ambaye hajajikata popote. Ndani ya damu kuna madini ya chuma. Ndiyo yanayobeba hewa mwilini. Kutoka kwenye chakula, mwili wa mtu huchukua miligramu 1 au 2 tu za chuma kwa siku. Ni mapato madogo sana. Ukipoteza mililita 80 za damu, umetoa kama miligramu 40. Anayepoteza mara mbili ya hapo kila mwezi, matumizi yake yanapita mapato. Mwanzoni mwili unachota kwenye akiba. Akiba ikiisha, damu yenyewe inakuwa nyepesi. Haitokei siku moja. Ndiyo maana mwanamke anazoea, anadhani ni umri, ni kazi, ni mawazo ya kambini.

Dalili zake ni hizi: kuchoka hata baada ya kulala, moyo kupiga mbio ukibeba ndoo ya maji ambayo zamani uliibeba ukiimba, kizunguzungu ukisimama, viganja na ndani ya kope kupauka. Na kuna moja ambayo watu huicheka: hamu ya kula udongo. Mama mdogo alikuwa ananunua udongo sokoni kila siku, na alikuwa hana mimba. Hamu hiyo mara nyingi ni mwili unaokosa chuma. Lakini udongo hauponyi. Unazuia hata kile chuma kidogo cha chakula kisiingie, na unaweza kuleta minyoo.

Kwa sababu kipimo kilikuwa chini ya 8, alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, akapigwa picha ya altrasaundi. Wakakuta uvimbe kwenye ukuta wa kizazi, mkubwa kama ndimu, umeelekea ndani. Madaktari wanauita fibroidi. Alilia, akidhani ni saratani. Daktari akamweleza kwamba si saratani. Wanawake wengi sana wanao uvimbe wa aina hiyo, na wengi hata hawajui. Unaleta shida ukikaa mahali pabaya kama wake. Na si kila damu nyingi ni uvimbe. Kwa wasichana, miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na kwa akina mama wanaokaribia kukoma hedhi, mara nyingi ni yai tu kutokupevuka kwa wakati, na ukuta wa kizazi ukawa mnene ukabomoka kwa fujo. Kila sababu ina tiba yake, ndiyo maana kununua dawa kwa kukisia hakusaidii.

Tiba yake ilikuwa ya sehemu mbili. Ya kwanza ni kupunguza damu. Alipewa vidonge vya asidi ya traneksamiki, vya kumeza zile siku nzito tu. Dawa hiyo si ya kila mtu. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu haruhusiwi, ndiyo maana lazima aiandike mtaalamu. Wengine hupewa ibuprofeni, ambayo hupunguza maumivu na pia damu kidogo, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo. Wengine wanapewa dawa za uzazi wa mpango, si kwa ajili ya kuzuia mimba bali kwa kutuliza damu. Ila asprini usiimeze kwa maumivu ya hedhi nzito, kwa sababu inaifanya damu iwe rahisi zaidi kutoka. Daktari alimwambia pia kuwa kuna upasuaji wa kuondoa uvimbe, ikiwa dawa hazitatosha. Yeye alichagua kuanza na dawa.

Sehemu ya pili ni kurudisha chuma. Alipewa vidonge vya chuma, na hapa ndipo wengi tunaharibu. Vidonge hivi vinafanya choo kiwe cheusi. Usiogope, ndivyo vilivyo. Vinaweza kufunga choo au kuleta kichefuchefu. Ikikusumbua, rudi umwambie mhudumu abadilishe kiwango, usivitupe. Mama mdogo aliviacha baada ya wiki mbili kwa sababu ya kichefuchefu, na kipimo kikabaki pale pale. Alipoambiwa ameze baada ya chakula kidogo, akaweza. Usimeze na chai wala kahawa, maana vinazuia chuma kuingia. Acha saa 1 au 2 zipite. Ukipata limau au chungwa, kunywa maji yake pamoja na kidonge, yanasaidia. Na endelea mpaka umalize, hata ukijisikia mzima. Kwa kawaida ni miezi 3 zaidi baada ya kipimo kurudi juu, ili akiba nayo ijae.

Weka vidonge hivyo mbali kabisa na watoto. Mtoto mdogo akimeza vidonge vingi vya chuma akidhani ni peremende, vinaweza kumuua. Ikitokea, kimbia naye hospitali, usisubiri atapike.

Je, chakula? Dagaa, nyama na maini vina chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi. Maharage ya mgawo, sombe na lengalenga vinacho pia, ila kinaingia kidogo kidogo, na kinaingia vizuri zaidi ukikamulia limau. Lakini nisikudanganye: mwenye kipimo cha 7.6 hawezi kujipandisha kwa mboga peke yake huku anavuja kila mwezi. Anahitaji vidonge na anahitaji kuzuia mvujo.

Baada ya miezi 3, mama mdogo alipimwa tena. Alikuwa na 11.2. Karatasi yake ya mwezi ule ilikuwa na mistari 24 na duara moja. Hajafika 12, bado anameza vidonge. Lakini wiki iliyopita nilimkuta ametoka bombani na ndoo kichwani, anamgombeza mwanawe njia nzima bila kuishiwa pumzi. Na udongo hanunui tena.

(Muziki mfupi.)

Kabla sijafunga, shika haya ya haraka, na wewe baba sikia vizuri. Kuna hali ambazo huandiki karatasi wala kusubiri asubuhi. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane:

Kitambaa au pedi inajaa kila saa moja, kwa saa 2 mfululizo au zaidi.

Ametokwa na damu akazimia, au hawezi kusimama, au anahema akiwa amekaa, au moyo unakimbia na mwili una jasho la baridi.

Ana mimba, au huenda anayo, na damu inatoka, iwe nyingi au kidogo. Ikiwa ana maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo au maumivu ya bega, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Hapo damu ya nje huwa kidogo wakati ya ndani inamwagika.

Amejifungua au mimba imetoka, na damu inazidi badala ya kupungua, au ina harufu mbaya pamoja na homa.

Njiani mlaze, usimwache atembee. Chukua vitambaa alivyotumia au uvihesabu, na chukua dawa zote anazomeza, ili mhudumu ajue. Usimpe mitishamba ya kukata damu kwanza halafu hospitali baadaye. Muda huo ndio unaopotea.

Kama si dharura, basi hedhi yako ijayo piga mistari, siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Ikionyesha yale niliyosema, ipeleke karatasi zahanati. Usipojua pa kuanzia, mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba katika kijiji chako unaweza kumwita pembeni umwambie. Ukiona ni mwanaume na unaona haya, mwombe akuelekeze kwa mwenzake wa kike. Na ukirudi nyumbani na jibu kwamba "ni kawaida tu," bila kupimwa damu, wakati mistari yako ni mingi na unaishiwa nguvu, rudi tena na useme, "Naomba nipimwe himoglobini."

Mama mdogo anasikiliza sasa hivi. Ameniambia nikuambie neno moja: mama yake, ambaye alikuwa "hivyo hivyo," alikuwa mtu wa kulala sana mchana, na ukoo mzima ulimwita mvivu. Sasa anajiuliza kama alikuwa mvivu kweli.

Mimi ni mtangazaji wenu wa kipindi cha afya. Tukutane wiki ijayo, saa ile ile. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi unapanda, unafunga.)

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya mwanamke anayetokwa na damu nyingi au yenye rangi nyeusi? Ni lipi katika hayo ambalo kipindi kimelisahihisha?

2. Mtu akianza kuvuja usiku nyumbani kwako, nani atampeleka, kwa chombo gani, na nani atabaki na watoto? Kubalianeni sasa, kabla haijatokea.

3. Kila mmoja aonyeshe kwa kidole gumba ukubwa wa bonge linalotakiwa kumpeleka mtu zahanati, na aeleze kwa maneno yake tofauti ya hilo na bonge dogo kama harage.